Mia Tatu ya Jikoni Yatoka Mfukoni mwa Nani?

*Assalaam aleikum Mshauri,*

*Siri ya mtungi aijuaye kata, kwa hivyo jina langu usilitaje. Nina miaka 34, naishi Langoni hapa Lamu na mume wangu na watoto watatu.*

*Mume wangu ana hisa kwenye boti ya uvuvi, na pia hununua samaki kwa wavuvi akauza. Mimi napika mahamri kila asubuhi isipokuwa Ijumaa: pakiti mbili za unga, kama mahamri 140, shilingi kumi kumi. Nilianza kwa pesa alizonipa mamangu. Baadaye mume wangu akasema wateja wanapenda kulipa kwa simu, akaweka nambari ya tili, ila iko kwa jina lake. Unga na mafuta ananunua yeye. Kila alfajiri ananipa mia tatu ya jikoni, na jioni nahesabiwa mpaka kibiriti na ndimu.*

*Kitambulisho changu anakiweka yeye, anasema kisije kikapotea. Laini ya simu yangu ni yeye aliyeisajili. Mwaka juzi injini ya boti iliharibika, nikampa bangili zangu mbili za mahari akauza. Alisema kaskazi ikiingia atanirudishia. Kaskazi mbili zimepita, nikimuuliza ananambia, "Kwani mimi na wewe tuna hesabu?"*

*Hanipigi. Hakosi sala, kodi na skuli analipa. Lakini mwezi uliopita mamangu aliugua Faza na sikuwa na nauli ya boti. Nilimwomba, akasema nisubiri. Nilisubiri siku nne, ya tano nikakopa kwa jirani nikenda. Tangu siku hiyo sina raha.*

*Mamangu aniambia nistahamili. Wifi yangu asema ndugu yake ananilinda kwa sababu mimi hesabu siijui. Jirani aniambia nianze kuficha. Je, kuficha si khiyana? Na hata nikitaka kuwa na changu, nitaanzia wapi na sina hata mia?*

*Mpika Mahamri, Langoni*

---

Waaleikum salaam, dadangu. Pole kwa maradhi ya mama, na pole kwa zile siku nne.

Wifi yako anasema hesabu huijui, basi na tuanze na hesabu yenyewe. Bei nitakazoandika ni za mfano tu, wewe uzifute uweke za duka lenu. Pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, 360. Sukari kama gramu mia sita, 100. Nazi nne, 160. Hamira na iliki, 50. Mafuta, nayo ni yale yanayonywewa na mahamri wala si yote yaliyomo karaini, kama mililita mia sita, 180. Makaa 120. Jumla ni 970.

Mahamri 140 yangeleta 1,400, lakini nyumba yenye watoto watatu haiuzi yote. Tuseme kumi na mawili yanaliwa au yanalala. Yaliyouzwa ni 128, ndiyo 1,280. Toa 970, inabaki faida ya 310 kwa siku. Unapika siku sita kwa wiki, yaani kama siku 26 kwa mwezi, na 310 mara 26 ni 8,060.

Sasa geukia upande wa pili. Mia tatu ya jikoni kwa siku thelathini ni 9,000. Ukiziweka hizo mbili kando kwa kando utaona kwamba katika 9,000 unazopewa, ni 940 tu zinazotoka kwenye samaki na boti. Zilizobaki ni zako: ziliondoka kwako zikiwa mahamri, zikaingia kwenye simu yake, zikarudi alfajiri zikiitwa pesa za jikoni. Na hapo bado hatujahesabu saa zako mbele ya moto.

Sikuandikii haya ili umwone mumeo mwizi. Kodi na skuli umesema analipa, na hizo si ndogo. Huenda hata yeye hajawahi kupiga hesabu hii. Tili moja ikipokea pesa za samaki na za mahamri, mtu huliona salio moja, na salio lililo kwenye simu yake huliona lake. Lakini ukisema huna hata mia, hapo sikubaliani nawe. Unazo kama elfu nane kila mwezi. Kinachokosekana ni njia ya kuzifanya zipite mikononi mwako kabla ya kufika kwingine, na hilo ni tatizo dogo kuliko la mtu asiye na pato kabisa.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni daftari la shilingi chache, mwezi mzima. Upande mmoja andika kilichoingia kupikwa, upande wa pili idadi iliyouzwa, iliyoliwa na iliyolala. Hili si la kuficha. Mpishi yeyote anahitaji kujua kama bei ya nazi imemla faida, na ukiulizwa, hilo ndilo jibu, tena ni la kweli.

Daftari hilo halitakujibu kama huu ni ubanaji wa mtu mwenye shida au ni kushikwa. Mvuvi ana msimu. Kusi ikivuma, tangu Aprili mpaka Septemba hivi, bahari inachafuka, boti zinalala, na nyumba nyingi za Lamu zinahesabu mpaka ndimu. Hilo halina ubaya. Wewe kumbuka hali ya kaskazi. Boti iliporudi imejaa, je, maswali ya jioni yalilegea? Mia tatu ikawa mia nne, angalau kwa wiki mbili? Ikiwa mkono hufunguka bahari ikitulia, una mume mwenye hofu ya njaa, na mazungumzo yanaweza kufika mbali. Ikiwa kusi na kaskazi ni mia tatu ile ile na maswali yale yale, basi lililo hapa halihusu wingi wa pesa.

Jambo jingine la kupima ni kama hesabu inakwenda pande zote mbili. Wewe unaulizwa kibiriti. Yeye akiulizwa bangili, hesabu inageuka utovu wa adabu. Mtu anayesema mume na mke hawana hesabu alfajiri, kisha jioni akahesabu ndimu, maana yake hesabu ipo, ila ina mwenyewe mmoja. Na zile siku nne za nauli, hebu jiulize polepole: hakuwa nazo, au alitaka usubiri? Sijui jibu, na sitaki kukuwekea neno mdomoni. Wewe ulikuwepo, ulimwona uso.

Sheria ya Kenya ina jina la jambo hili. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 inataja dhuluma ya kiuchumi kuwa aina mojawapo ya dhuluma za nyumbani, hata pasipo kofi. Inahusu kumnyima mtu bila sababu ya haki pesa za mahitaji kama chakula, matibabu, kodi na skuli, na pia kumzuia mtu kutafuta kazi au kufanya shughuli ya kumpa pato. Ukiisoma kwa makini utaona hali yako inagusa sehemu yake na sehemu nyingine haigusi, kwa kuwa kodi inalipwa na kupika hujazuiwa. Nakutajia ili "hanipigi" isiwe ndiyo mwisho wa mawazo yako, si ili ukimbilie mahakamani kesho.

Umeuliza kuhusu khiyana. Fatwa si kazi yangu, muulize sheikh unayemwamini. Ninachoweza kukukumbusha ni mambo ambayo hata yeye atayataja. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 4 inasema mahari wapewe wanawake wenyewe, na mume ale kile tu alichoachiwa kwa ridhaa ya nafsi. Aya ya 32 inasema wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Na yako hadithi ya Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kulalamika kwamba mumewe ni bahili, akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Hind alikuwa akiuliza kuhusu mali ya mume. Wewe unauliza kuhusu jasho lako.

Hata hivyo kuficha kuna gharama yake, na jirani yako hakukwambia. Lamu ni mji wa vichochoro, na neno linafika nyumbani kabla ya mwenye nalo. Pesa zilizofichwa zikigunduliwa, mazungumzo hayatakuwa tena juu ya bangili wala nauli, yatakuwa juu ya uongo wako. Kwa hivyo mimi ningetenganisha kuficha na kutotangaza. Kuchukua unga alioununua yeye ukauza pembeni ni kuficha, na utashikwa kwa sababu unga una hesabu. Kupokea kazi yako mwenyewe kwa mtaji usiotoka kwake, na kukaa kimya, ni jambo jingine.

Mtaji huo utatoka wapi? Hapo ndipo biashara ya mahamri inapokupendelea. Lengo lako la kwanza lisiwe kuweka akiba, liwe 970, yaani mtaji wa siku moja. Mwenye mtaji wa siku moja ananunua unga wake mwenyewe, na mwenye kununua unga wake ana haki ya kusema pesa za mahamri zirudi kwenye unga. Lakini usizitoe kwenye mia tatu. Ukikata hamsini kila siku, watakaolipa ni watoto, na jioni pengo litaonekana.

Zitoe kwenye oda. Hitima, walima, maulidi, watu wanataka mahamri mia mbili kwa mara moja. Gawanya 970 kwa 140 upate gharama ya hamri moja, ni karibu shilingi 7. Kwa hivyo oda ya 200 inakula kama 1,400 ya vitu na inaleta 2,000. Wapishi wengi huomba nusu kwanza, na hapo ndipo wanapokwama: nusu ni 1,000, zinabaki 400 za kutafuta, na wewe huna pa kuzitoa. Wewe omba saba katika kila kumi, yaani 1,400 mbele, na 600 siku ya kuchukua. Mteja akisita, mwambie alete unga, sukari, nazi na mafuta yeye mwenyewe, wewe umtoze kazi na makaa. Oda mbili za namna hiyo zinakupa 1,200, na 970 yako imepatikana pasi na kugusa pakiti hata moja ya nyumbani. Ila oda haipikiki kimya. Moshi na harufu ya iliki vitamfikia mumeo, kwa hivyo mwambie umepata oda ya hitima. Usichohitaji kukimbilia kutangaza ni faida ni ngapi.

Pesa hizo zikae wapi, hapa tunarudi kwenye laini na kitambulisho, nami naona hilo la kitambulisho ndilo zito kuliko yote uliyoandika, ingawa ulilipitia kwa mstari mmoja. Bila kitambulisho halisi huwezi kusajili laini, huwezi kufungua akaunti, na wakala wa M-Pesa ana haki ya kukukatalia kutoa pesa.

Anza kwa kujua laini yako ni ya nani. Mwombe mtu unayemwamini akutumie shilingi kumi, kisha atazame jina lililotokea kwenye ujumbe wake. Likiwa ni la mumeo, basi hata kama simu iko mkononi mwako, akaunti ni yake: anaweza kubadilisha laini dukani akaiamsha kwenye simu nyingine na salio lote likamfuata. Usiweke akiba humo. Likiwa ni lako, badilisha nambari ya siri, isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto, na tazama kama kuna deni la Fuliza. Penye deni la Fuliza, kila shilingi inayoingia inakatwa kwanza. Laini ikiwa kwa jina lako unaweza pia kujisajili Pochi la Biashara kupitia `*334#`, ambapo pesa za wateja zinakaa mbali na pesa zako za kawaida. Ila jua kwamba kila muamala unaleta ujumbe kwenye simu. Kama simu yako inakaguliwa, ujumbe mmoja tu unaeleza yote, na ukiufuta, salio la ujumbe unaofuata halitalingana.

Kitambulisho kiombe kwa shughuli ya kweli. Hospitali wanakitaka kwa mambo ya SHA, basi ukienda kiliniki na mtoto kiombe, na ukirudi kiweke kwako. Usifanye sherehe wala vita. Huenda akauliza, huenda asiulize, na utakachokiona usoni pake kitakufundisha mengi kuliko barua yangu. Akikataa katakata, usiende polisi ukasema kimepotea ili upewe karatasi ya kuombea kingine, maana taarifa ya uongo ni kosa na itakugeukia. Nenda kwa chifu au ofisi ya usajili ueleze kama kilivyo, kwamba kiko kwa mume na hakutoi. Andika pia nambari ya kitambulisho mahali, ikiwa unaikumbuka au una nakala yake.

Kabla ya hapo, chama cha wanawake ndicho benki yako. Mkiwa kumi mkitoa 200 kwa wiki, kila mmoja anapata 2,000 mara moja katika wiki kumi. Angalia mambo mawili. La kwanza ni nani aliyemo: pakiwa na wifi, shemeji au mke wa mshirika wa boti, tafuta chama kingine. La pili ni siku ya kupokea. Elfu mbili zikiingia nyumbani kwa pamoja huonekana, lakini ukikubaliana na mweka hazina akulipie moja kwa moja dukani, zinageuka unga na mafuta ya biashara. Na kama chama kinakopesha kwa kutoza ziada, uliza mapema ujue kama dhamiri yako inakubali. Mikopo ya simu iache kwa sasa. Deni lenye ujumbe wa kukukumbusha kila siku si pahali pa kuanzia mtu asiye na faragha ya simu.

Ukishaipata 970, amua pesa zinazofuata ni za nini, na ziamue kabla hazijafika. Mimi ningeanza na nauli ya Faza kwenda na kurudi kwako na mtoto mdogo, na chakula cha siku tatu. Ziweke kwa mamako huko huko au kwa mtu asiyekaa nyumba yenu. Nakusisitizia kwa sababu kuna mtego ambao wanawake wengi wameuangukia: mume akijua mke ana chake, mia tatu inakuwa mia mbili, kisha mia, kisha "si una zako?" Mwisho mke analipa chakula chote na bado hana nauli. Nafaqa, yaani matumizi ya mke, ni wajibu wa mume hata mke akiwa tajiri. Chako kikianza kuziba pengo la jikoni, daftari litakuonyesha, ndiyo sababu nikakwambia uliandike.

Sasa, kuzungumza naye. Zipo njia zaidi ya moja, na wewe ndiye unayemjua. Unaweza kumkalisha na jambo moja tu, na lile jepesi kuliko yote ni la biashara: "Mume wangu, nimeandika mwezi mzima. Mahamri yanaleta hivi, yanakula hivi. Naomba pesa za mahamri tuzitenge na za samaki, tujue kama tunapata au tunajidanganya." Hapo humshtaki, unamwonyesha karatasi. Usichanganye na bangili, kitambulisho na mama siku hiyo hiyo. Mtu akirushiwa manne hujibu lile rahisi na kuyaacha matatu.

Bangili zina siku yake, na hapo usiombe pesa kwanza. Omba iandikwe: bangili mbili, uzito wake ukiukumbuka, ziliuzwa kiasi gani, zilitengeneza nini, zitarudi lini. Akikwambia mume na mke hawaandikiani, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inaamrisha deni la muda liandikwe, na mtu asiyekosa sala anaijua. Karatasi hiyo pia ndiyo itakayokufaa siku moja ukihitaji kwenda kwa Kadhi, ambaye mahakama yake inasikiliza mambo ya ndoa ya Waislamu yakiwemo nafaqa na mahari. Tili kwa jina lake na unga alionunua yeye vitamfanya aseme biashara ni yake, kwa hivyo daftari lenye mwandiko wako na tarehe ni ushahidi usioudharau.

Njia ya pili ni kupitia mtu anayemsikiliza, ami yake au imamu, si wifi. Hatari yake ni kwamba akiona ametiwa aibu nje, ndani atakaza zaidi. Kwa hivyo mtu huyo apewe jambo moja, na lile lisilo na ubishi: mama aliugua, mke akakosa nauli, tufanyeje lisitokee tena.

Njia ya tatu ni kutosema lolote kwa miezi mitatu minne, ukakusanya mtaji, ukajua laini na kitambulisho viko wapi, halafu ukasema. Ina faida yake na ina ule mzigo wa kimya niliokutajia juu.

Kuna hali moja ambayo nikiiona nabadilisha ushauri wote. Umesema hukupigwa. Lakini mtu aliyezoea kushika kila kitu anaweza kubadilika siku anapoona kinamponyoka. Ukiona anavunja vitu, anakufuata kwa wateja, anakunyang'anya simu, au anatishia kukuzuilia watoto, usiendelee na mazungumzo ya daftari. Mwache ashinde siku hiyo. Nambari ya 1195 ni ya bure, inapokea wanaodhulumiwa nyumbani kote nchini, ila ipige kwa simu ya mtu mwingine ili isibaki kwenye yako. Kituo cha polisi kina dawati la jinsia, na mahakama inaweza kutoa amri ya kukulinda. Nitakuwa muongo nikikwambia amri hiyo inaleta unga nyumbani kesho yake. Haileti. Ndiyo maana nauli ya Faza inatangulia.

Kuhusu mama na ile stahamili yake, usimlaumu. Yeye ndiye aliyekupa pesa za unga wa kwanza, kwa hivyo moyoni anajua mwanamke anahitaji chake. Ukienda tena Faza, muulize alizipataje zile pesa na alikuwa akiziweka wapi. Naona anaweza kuwa na majibu mazuri kuliko yangu.

Mwezi ukiisha tuandikie tena. Tuletee bei za kweli za nazi na mafuta, tuone kama ile 310 yangu imesimama, na utwambie ni jina gani lililotokea kwenye zile shilingi kumi.